Vidonge viwili vya 375 si kimoja cha 625

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniwekea boksi la dawa juu ya kaunta akasema, "Mwanangu, hii dawa inaniharisha tangu juzi." Daktari alikuwa amemwandikia amoksilini na klavulanati ya 625, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, siku tano. Duka alilokwenda 625 zilikuwa zimeisha, akapewa 375 ameze viwili viwili. Hesabu ya muuzaji naijua, nimeisikia mara nyingi mno: kimoja hakitoshi, viwili vinazidi kidogo, na heri dawa izidi kuliko ipungue.

Hapana. Hiyo 625 ni jumla tu ya vitu viwili. Geuza boksi usome namba ndogo: 500/125. Ya kwanza ni miligramu za amoksilini, ya pili ni za klavulanati. Sasa geuza boksi la 375, utakuta 250/125. Klavulanati ni ileile 125. Kilichopungua ni amoksilini peke yake. Kwa hiyo ukimeza viwili vya 375 unapata 500/250. Amoksilini imekaa sawa, klavulanati imekuwa maradufu. Kwa siku nzima mzee alikuwa anameza miligramu 750 za klavulanati wakati daktari alikusudia 375, na klavulanati ndiyo hasa inayovuruga tumbo katika mchanganyiko huu.

Ndiyo maana nasema soma uwiano kabla ya jumla. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili. 625 inatoa nne kwa moja, 375 inatoa mbili kwa moja, na kile kidonge kikubwa cha gramu moja, ambacho ni 875/125, kinatoa saba kwa moja. Uwiano ukitofautiana, uongeze vidonge au uvikate, hutaifikia dozi ileile.

Lakini kama dukani kuna 375 tu, mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Mpe kidonge kimoja cha 375 pamoja na kapsuli moja ya amoksilini ya kawaida ya 250. Jumlisha: 500/125, kama alivyoandikiwa. Ndivyo nilivyofanya kwa mzee, baada ya kumuuliza kama kuna damu kwenye choo au homa (havikuwepo) na kumpigia daktari wake simu. Nikamwambia pia ameze anapoanza kula, si saa mbili baadaye. Chakula kinapunguza kichefuchefu na kinasaidia klavulanati kufyonzwa vizuri. Hili nalirudia kwa kila mtu mpaka wenzangu wananicheka.

Wapo wanaodai klavulanati ni antibayotiki ya pili, kwamba zikiwa mbili zinapiga kwa nguvu zaidi. Peke yake haiui bakteria kwa kiwango cha kutibu. Kazi yake ni kuzuia beta-laktamesi, kimeng'enya ambacho baadhi ya bakteria hukitumia kuivunja amoksilini. Bakteria asiye na kimeng'enya hicho hajali umeongeza klavulanati au hukuongeza.

"Nipe ile ya gramu moja, ndiyo kali." Gramu moja ina klavulanati 125, sawa na 625. Tofauti kubwa ni ratiba: ya gramu moja humezwa mara mbili kwa siku, 625 mara tatu. Piga hesabu ya siku: 1750/250 dhidi ya 1500/375. Amoksilini imeongezeka kidogo, klavulanati imeshuka. Anayeimeza ile "kali" mara tatu ili apone haraka ameharibu mpango wote.

Dawa za maji za watoto nazo zina mtego uleule, ila hapo uwiano unaweza kukuokoa. Mama mmoja aliandikiwa ya 457, mililita 5 mara mbili kwa siku. Chupa hiyo ina 400/57 katika kila mililita 5, saba kwa moja. Mimi nilikuwa na 228, yaani 200/28.5, nayo ni saba kwa moja. Mililita 10 zikatoa 400/57 kamili, na ratiba ikabaki ya mara mbili. Pembeni yake kwenye rafu palikuwa na 312, ambayo ni 250/62.5, nne kwa moja. Hiyo ungehitaji mililita 8 kufikia amoksilini 400, na klavulanati ingepanda hadi 100 kila dozi, kwa mtoto ambaye bado anavaa nepi. Nilimwandikia mama "mililita 10" kwa kalamu nene juu ya chupa, nikafuta ile 5 iliyokuwa kwenye karatasi yake, nikampa na bomba la kupimia, maana kijiko cha jikoni sikiamini.