Kwa nini Excel inaziweka tarehe kwa nafasi sawa hata kama zinapishana miaka?

"Nimechora chati ya mstari ya sensa za Tanzania. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14, kati ya 2002 na 2012 kuna miaka 10, lakini kwenye chati nafasi ni ileile. Kwa nini?"

Kwa sababu Excel haijaisoma miaka hiyo kama muda. Imeichukua kama majina. Kwenye chati ya mstari au ya nguzo, mhimili wa chini kwa asili ni mhimili wa makundi: kila safu ya jedwali inapewa kisanduku kimoja, visanduku vyote vina upana mmoja, na kilichoandikwa kwenye seli kinabandikwa chini yake kama lebo. Ungeweza kuandika Mbeya, Tanga na Kigoma badala ya 1988, 2002 na 2012, na mstari usingesogea hata kidogo.

Fikiria orodha ya vituo iliyobandikwa ndani ya basi la Dar es Salaam kwenda Arusha. Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi: kila kituo kina mstari wake na mistari imepishana sawasawa. Orodha hiyo ni sahihi kwa mpangilio, na abiria anajua kituo kipi kinafuata kipi. Lakini ukiweka rula juu yake ili upime umbali kutoka Segera hadi Korogwe, utapata jibu lisilo na maana, kwa sababu aliyeiandika hakukusudia kupima kilomita. Mhimili wa makundi ni orodha ya namna hiyo. Ila kwenye chati ya mstari kila msomaji anashika rula bila kujijua: anatazama mteremko wa mstari na kuuita kasi.

Hapo ndipo madhara yalipo, na sensa zinayaonyesha vizuri. Idadi ya watu, kwa mamilioni, ilikuwa 12.3 mwaka 1967, 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012 na 61.7 mwaka 2022. Kutoka 1988 hadi 2002 ongezeko ni milioni 11.3, na kutoka 2002 hadi 2012 ni milioni 10.5. Kwa visanduku vya upana mmoja, kipande cha kwanza kinaonekana kimesimama zaidi kuliko cha pili, na msomaji anaondoka akiamini kwamba baada ya 2002 ongezeko lilipungua kasi. Sasa gawanya kwa miaka. Milioni 11.3 kwa miaka 14 ni takriban 810,000 kwa mwaka, na milioni 10.5 kwa miaka 10 ni takriban 1,050,000 kwa mwaka. Kasi iliongezeka. Namba zote za jedwali ni sahihi, lakini chati imetoa hitimisho lililo kinyume kabisa.

Dhana inayowapotosha wengi ni kwamba tarehe zikionekana chini ya chati, basi Excel inazijua kuwa ni tarehe. Dhana hii inadumu kwa sababu mara nyingine mambo huenda sawa yenyewe. Excel ikikuta seli zenye tarehe halisi zilizopewa muundo wa tarehe, kwa kawaida huchagua mhimili wa tarehe bila kuulizwa, na nafasi zinafuata kalenda. Lakini "2002" tupu ni namba ya kawaida, si tarehe, kwa hiyo inaishia kwenye visanduku. Na "26/08/2012" inaweza kuwa maandishi matupu yanayofanana na tarehe.

Hili la mwisho linawapata sana watu wa kwetu, wanaoandika siku kabla ya mwezi kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Kompyuta hiyo inatanguliza mwezi, haina mwezi wa 26, hivyo inaiacha "26/08/2012" kama maandishi. "05/08/2012" inaipokea, lakini kama tarehe 8 Mei. Jedwali moja linaweza kubeba makosa yote mawili. Kubadili muundo kwenye Format Cells hakusaidii, maana kunabadilisha sura ya namba, na maandishi si namba. Pima hivi kwenye seli ya pembeni:

```
=ISNUMBER(A2)
```

Ikijibu FALSE, hayo ni maandishi. Chagua safuwima hiyo, nenda Data, kisha Text to Columns, na katika hatua ya tatu chagua Date: DMY halafu Finish. Zile zilizokwisha kupokelewa kimakosa, kama ile 8 Mei, hakikisha moja moja kwa kulinganisha na chanzo. ISNUMBER itakujibu TRUE na haitakuonya.

Chini ya kila tarehe halisi kuna namba ya siku, inayohesabiwa kuanzia 1 Januari 1900. Sensa ya 25 Agosti 2002 ni 37493, na ya 26 Agosti 2012 ni 41147. Tofauti ni siku 3,654, na hicho ndicho mhimili wa tarehe unachopima.

Kuubadilisha, bofya mhimili wa chini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Format Axis, na chini ya Axis Type chagua Date axis. Kisha tazama Units, sehemu ya Base, kwa sababu ndiyo inayoamua kipande kidogo kabisa cha muda. Ikiwa Months, nukta zote za mwezi mmoja zinapangwa juu ya mstari mmoja wa wima. Kwa chati ya mstari weka Days. Kwa nguzo zenye tarehe kamili za sensa, Days itazifanya nyembamba kama uzi, maana kila nguzo inapewa siku moja kati ya takriban 20,000. Hapo Years inafaa zaidi.

Je, kama una miaka mitupu, 1967, 1978 na kuendelea? Date axis inafanya kazi hata hapo, na sababu yake inavutia. Excel inasoma 1967 kuwa siku ya 1967, yaani 20 Mei 1905, na 2022 kuwa 14 Julai 1905. Sensa zote sita zinajikuta ndani ya majira ya miezi miwili ya 1905, lakini uwiano wa nafasi ni sahihi: 11, 10, 14, 10, 10. Weka Base iwe Days, na muundo wa namba za mhimili uwe General, ili lebo zibaki miaka. Njia hii inabeba pia miaka ya kabla ya 1900, ambayo Excel haiwezi kuihifadhi kama tarehe kamili.

Wengine huongeza safu tupu kwa kila mwaka usio na sensa. Nafasi zinakaa sawa, ila mstari unakatika mpaka uende Select Data, kisha Hidden and Empty Cells, na kuchagua Connect data points with line.

Mhimili wa tarehe hauendi chini ya siku moja. Vipimo vya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni ya siku hiyohiyo vitasimama juu ya siku moja. Kwa vipimo vya saa tumia chati ya Scatter yenye mistari, ambayo mhimili wake wa chini ni wa namba halisi. Panga kwanza jedwali kwa tarehe: Date axis hujipangia yenyewe, lakini Scatter huunganisha nukta kwa mfuatano wa safu, na safu moja iliyo nje ya mahali pake inaurudisha mstari nyuma.