Simu tatu, mageti matatu: jinsi tiketi moja inavyoingiza watu wawili bila intaneti

Nimeambiwa tena juzi: "Mwanangu, programu yetu ya kuskani tiketi inafanya kazi hata bila intaneti, kwa hiyo tiketi moja haiwezi kuingia mara mbili." Aliyesema ni mama mmoja anayeandaa usiku wa taarabu hapa Mombasa, mtu makini asiyepoteza hata risiti ya viti vya kukodi. Sikubishana naye. Nilichukua simu zake mbili, nikaziweka zote kwenye hali ya ndege, nikaskani tiketi moja kwenye simu ya kwanza. Kijani. Nikaiskani tiketi ileile kwenye simu ya pili. Kijani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ya tatu je?"

Ya tatu pia, mama.

Dhana: programu ikifanya kazi bila intaneti, tiketi haiwezi kurudiwa

Hii inanikera kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli. Kabla mageti hayajafunguliwa, kila simu hupakua orodha ya tiketi. Intaneti ikikatika, simu huangalia orodha iliyo ndani yake: je, tiketi hii ipo, na imeshatumika? Ikiwa ilitumika kwenye simu hiyohiyo, itaikataa bila shida. Lakini alama ya "imetumika" iliyowekwa kwenye simu ya geti la kwanza hubaki humohumo. Simu ya geti la pili haina njia ya kuijua mpaka mtandao urudi. Hata msimbo wa QR wenye saini ya kidijitali hauokoi hapa. Saini inaonyesha kwamba tiketi si ya kughushi, haionyeshi kama imeshaingiza mtu.

Wajanja wanalijua hili. Mtu ananunua tiketi moja, anampigia mwenzake picha ya skrini kwenye WhatsApp, mmoja anapita geti la barabarani na mwingine la upande wa bahari. Wateja hunijibu, "Lakini tulijaribu mtandao ukumbini, ulikuwa mzuri." Walijaribu saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa na fundi wa vipaza sauti na paka wawili. Usiku mnara uleule wa simu unabanwa na umati mzima unaorusha video. Na ukumbi ukiwa kwenye jengo la Mji wa Kale lenye kuta nene za matumbawe, hata bila umati mawimbi hufika ndani yamechoka.

Kuunganisha rekodi za skani za simu zote baadaye, mtandao ukirudi, kunagundua udanganyifu, hakuuzuii. Ukitaka kuuzuia, hakikisha kila tiketi inaweza kukubaliwa na simu moja tu. Mimi hupenda kugawa kwa namba: tiketi zinazoishia na namba shufwa zipite kulia, za witiri kushoto, na kila simu ipakiwe orodha ya upande wake peke yake. Nakala ya tiketi, hata itumwe kwa watu kumi, itarudi kwenye simu ileile, na simu hiyo inakumbuka. Aliyekosea foleni anaambiwa avuke upande wa pili, basi. Andika upande kwenye tiketi yenyewe siku ya kuuza, usisubiri kubandika karatasi getini. Ubaya wake ni mmoja: simu hiyo ikizima, kumbukumbu ya upande huo imezima nayo, na simu ya akiba itaanza na orodha isiyojua nani ameshaingia. Kwa hiyo kila geti liwe na pawabenki, na isiwe ya kuazimana.

Njia ya pili ni kuweka ruta ndogo na kompyuta moja kama seva palepale ukumbini, simu zote ziulize hapo kupitia waifai. Intaneti haihitajiki, ila programu yako lazima iwe imetengenezwa kwa ajili hiyo, na mageti yawe karibu kiasi cha kushika waifai. Geti likiwa nyuma ya ukuta wa mawe, vuta waya.

Dhana: rekodi zikiunganishwa, programu itajua nani aliingia kwanza

Itajua kwa saa ya simu, na saa ya simu si ya kuaminiwa hivihivi. Tazama rekodi hizi mbili za tiketi moja, MB-0417, kutoka kazi niliyoifanya ya mageti matatu, A, B na C:

```
A-0088  MB-0417  19:42:10
C-0031  MB-0417  19:40:55
```

Ukisoma hivyo, aliyepita geti C ndiye wa kwanza, na wa geti A ndiye aliyekuja na nakala. Lakini saa ya simu ya C ilikuwa nyuma kwa dakika 4, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameiweka kwa mkono. Ukirekebisha, C aliingia 19:44:55, yaani karibu dakika tatu baada ya A. Nililijua hilo kwa kuwa kabla ya kufungua mageti huzilaza simu zote mezani, saa zikionyesha sekunde, nikazipiga picha moja. Picha hiyo ndiyo iliyomwokoa mnunuzi wa haki asiitwe mwizi.

Dhana: jumlisha hesabu za simu, upate idadi ya waliohudhuria

Usiku huohuo A ilikuwa na 212, B 187, C 143. Jumla 542. Baada ya kuunganisha, tiketi tofauti zilikuwa 519. Zile 23 za ziada zinaweza kuwa nakala, au mtu aliyetoka kununua mahamri akarudi kwa geti jingine. Rekodi haziwezi kukutofautishia hayo mawili kama hamkuskani watu wanapotoka. Mapato hesabu kwa 519. Ila usiruhusu programu ifute zile 23 kimyakimya. Kila skani ibaki na alama ya marudio, maana ndiyo ushahidi pekee ulio nao.

Dhana: ukituma rekodi mara mbili, hesabu inaongezeka mara mbili

Kwa programu iliyotengenezwa vizuri, la. Angalia tena pale juu: `C-0031` ni jina la simu na namba ya mfululizo ya skani. Seva ikiipokea mara ya pili inaitambua na kuiacha. Jaribu siku mbili kabla: tuma, andika jumla, tuma tena. Jumla ikipanda, tafuta programu nyingine.

Uoga huu una madhara yake, na ndiyo sababu naulalamikia. Kijana wa getini anaona utumaji umekwama katikati, anaogopa kurudia, anaifuta programu "ili isilete fujo." Rekodi zilizokuwa bado kwenye simu zimekwenda nayo, na hakuna wa kuzirudisha. Asitoke kwenye akaunti, asifute chochote, asirudishe simu ya kukodi mpaka idadi inayoonekana kwenye simu yake ilingane na idadi ya simu hiyo kwenye seva. Geti C iandike 143, seva nayo iseme C 143.

Dhana: orodha iliyopakuliwa asubuhi inatosha

Kama mauzo yamefungwa jana, inatosha. Kama bado mnauza kwa M-Pesa mpaka magharibi, kila aliyenunua baada ya upakuaji atapigwa nyekundu na kuambiwa tiketi yake haipo, na amelipa. Fungeni mauzo kwanza, kisha mpakue mkiwa mahali penye mtandao mzuri, na kabla ya kuondoka hapo mlinganishe idadi ya tiketi kwenye kila simu na ile ya mauzo. Atakayekuja baada ya hapo akate tiketi ya karatasi getini, iandikwe kwenye daftari.