Gundi ya sambusa inavyoshika, na inavyoachia

"Jamani naomba kuuliza, kwa nini sambusa zangu zinafumuka kwenye mafuta wakati nimezibandika vizuri kabisa?"

Mvuke huo. Nyama na vitunguu vina maji, maji yanachemka kwenye nyuzi 100 na mafuta ya kukaangia yapo kama 170 au 180, sasa yale maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,000 ya mwanzo, yakikuta pembe imelegea yanatokea hapo hapo.

Kuna dada anakaanga sambusa Chikongola, hapa Mtwara mjini, jioni. Kila karai zinafumuka kibao, nyama inamwagika inaungua chini, mafuta yanakuwa meusi na zinazofuata zinatoka na chenga. Akadhani moto mkali, akapunguza, zikaendelea kufumuka ila sasa na mafuta zinanyonya, hasara juu ya hasara.

Jirani yake, bi mkubwa aliyepika sana kwenye shughuli za watu, akamwambia, "Mwanangu, moto hauna kosa, hebu lete hiyo gundi yako niione." Gundi yenyewe nyepesi kama uji wa mgonjwa! Kumbe hapo ndo tatizo, maana gundi ya hivyo karibu yote ni maji, ikiingia kwenye mafuta na yenyewe inatoa mvuke chini ya mkunjo na kuuinua. Bibi akachukua unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula, akatia maji kidogo kidogo, kama vijiko viwili tu, mpaka ikanata kidoleni bila kudondoka. Gundi nzito ikipata moto unga unaiva na kukauka haraka, manda zinashikana.

"Lakini mbona napaka nyingi tu bibi?"

"Unapaka katikati, ukingoni hufiki."

Akainua sambusa moja kwenye taa, pale kwenye ncha mwanga unapita, kitundu kidogo sana lakini ndo mlango wa mvuke. Akakiziba kwa tone la gundi, akazilaza zote mkunjo ukiwa chini kama dakika 10 ili uzito wake wenyewe uubane. Nyama nayo akamwambia aisubiri ipoe kabisa na ikauke mchuzi, kwa sababu ikiwa bado ya moto inatoa jasho ndani ya manda na gundi inalowa hata kabla ya karai.

Ukitaka kujua ipi ina tundu, angalia mapovu. Nzima inatoa mapovu madogo madogo kuzunguka yote, yenye tundu inapuliza mstari mmoja wa mapovu kwa nguvu kutoka pembe moja, hiyo itoe mapema kabla haijamwaga nyama. Ila manda ikiwa imekauka mpaka inapasuka ukiikunja, gundi haisaidii kitu, ndo maana zifunike na kitambaa chenye unyevu muda wote unapofunga.