Flajili, pombe na mdomo mchungu: yasemwayo dirishani na ukweli wake

"Dokta, leo naruka dozi, kesho naendelea."

Wikiendi ikikaribia, maneno haya husikika tena na tena kwenye dirisha la duka la dawa. Hapa Dodoma Jumamosi ndiyo ngumu zaidi, maana mnada wa Msalato una nyama choma na bia zake. Anayesema hivyo mara nyingi si mzembe. Amesikia kwamba flajili haipatani na pombe, akaona busara ni kuweka dawa pembeni kwanza. Katika yote yanayosemwa kuhusu dawa hii, hili ndilo linaloniudhi kuliko mengine, kwa sababu mtu huyo anakosa kote kuwili: anakunywa pombe dawa ikiwa bado mwilini, na anampa mdudu nafasi ya kupumua.

Dhana: ukiruka dozi ya leo, leo unaweza kunywa

Dawa haitoki mwilini kwa sababu tu hukumeza kidonge cha mchana. Kwa mtu mzima ambaye ini lake halina shida, metronidazo, ambayo wengi tunaiita flajili, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 8 hivi. Ndiyo maana humezwa mara 3 kwa siku, kila baada ya saa 8, ili kabla haijashuka sana kipimo kingine kiwe kimefika.

Tuchukue mgonjwa wa giardia, mdudu mdogo sana wa utumbo, aliyeandikiwa miligramu 400 mara 3 kwa siku kwa siku 5. Ameanza Alhamisi, anameza saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, kwa hiyo atamaliza Jumatatu usiku akiwa amemeza dozi 15. Jumamosi asubuhi anameza dozi yake ya saba vizuri kabisa, kisha anaamua kuruka zinazofuata kwa sababu ya mnada.

Dawa aliyo nayo mwilini baada ya dozi hiyo ya asubuhi tuiite 100. Saa 8 mchana imebaki 50. Saa 10 jioni, chupa ya kwanza inapofunguliwa, imebaki kama 42. Kwa hiyo mtu aliyeruka dozi "ili asichanganye" amechanganya vilevile, na dawa aliyochanganya nayo ni karibu nusu ya ile ya asubuhi. Kama anataka kweli mwili uwe umesafika, inabidi zipite siku 2 nzima bila kidonge hata kimoja, ndipo inabaki kati ya 1 na 2. Hesabu hiyo ndiyo iliyo nyuma ya maelekezo ya kukaa siku 2 au 3 bila pombe baada ya kidonge cha mwisho. Mimi nashauri siku 3, kwa sababu tinidazo, ndugu yake flajili, hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na wagonjwa wengi hawakumbuki wamepewa ipi kati ya hizo mbili.

Sasa tumtazame mdudu. Usiku saa 4 dozi nyingine imerukwa, imebaki 25. Jumapili saa 12 asubuhi mgonjwa ameamka na kichwa kizito na kichefuchefu, anasema atameza mchana akipata nafuu. Hapo imebaki kama 12. Anapomeza tena saa 8 mchana, dawa iliyokuwemo ilikuwa imeshuka hadi 6. Angefuata ratiba, isingeshuka chini ya 50 wakati wowote. Ameruka dozi 3 tu kati ya 15, lakini katikati ya tiba amekaa zaidi ya nusu siku akiwa na dawa kidogo mno. Giardia zilizobaki kwenye ukuta wa utumbo mwembamba huendelea kugawanyika. Wiki mbili baadaye anarudi na tumbo lilelile la kujaa gesi na choo cha harufu mbaya kinachoelea, akilalamika kwamba flajili za siku hizi hazina nguvu.

Kama umeshakunywa, usiiadhibu dawa. Acha pombe hapohapo, kunywa maji, rudi kwenye ratiba dozi inayofuata ikifika. Kama unatapika, subiri utulie kwanza, maana kidonge kitakachotapikwa hakitakusaidia. Dozi ulizokosa usizimeze kwa pamoja. Endelea moja moja kwa saa zake mpaka vidonge vyote viishe, hata kama utamaliza siku moja baadaye. Ukiwa umekosa siku nzima au zaidi, rudi kwa aliyekuandikia.

Dhana: flajili na pombe vikikutana mtu anakufa

Upande wa pili wapo wanaoogopa kupita kiasi, na hofu hii ndiyo inayowafanya wengine waruke dozi. Maelezo ya siku zote ni kwamba flajili huzuia mwili kumalizia kazi ya kuvunja pombe, sumu iitwayo asetaldehaidi inajaa kwenye damu, mtu anawaka uso, moyo unakimbia, anatapika na kichwa kinapasuka. Hivyo ndivyo inavyofanya disulfiramu, dawa wanayopewa watu wanaotaka kuacha ulevi. Kwa flajili ushahidi ni dhaifu. Mwaka 2002 watafiti wa Finlandi waliwapa wanaume 12 wenye afya flajili au kidonge kisicho na dawa kwa siku 5, kisha pombe. Asetaldehaidi haikupanda kwa waliomeza flajili, wala hawakuonyesha dalili zile. Hata mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya zinaa wa mwaka 2021 hauwakatazi tena wanaotumia metronidazo kunywa pombe.

Mbona basi bado nasema usinywe? Kwanza, watu 12 ni wachache, wote walikuwa wazima, na zipo taarifa za wagonjwa mmoja mmoja waliopata mshtuko huo. Karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa bado inakataza. Pili, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa, unatibiwa tumbo. Una utumbo uliovimba, umepoteza maji kwa kuharisha, na dawa yenyewe inaleta kichefuchefu. Ukiongeza bia, wanzuki au mvinyo wa zabibu zetu hizi, utatapika, na kidonge kitatoka pamoja na matapishi. Aliyekunywa akabanwa kifua, akaishiwa pumzi au akazimia apelekwe hospitali mara moja, asisubiri pombe iishe. Na mtu aliyetumia disulfiramu ndani ya wiki 2 zilizopita asipewe flajili kabisa, kwa kuwa hizo mbili pamoja zinaweza kumvuruga akili.

Dhana: mdomo ukiwa mchungu kama umelamba msumari, dawa inakudhuru

Ladha hiyo ya chuma inaanza siku ya kwanza au ya pili, na inashangaza kwa sababu kidonge kimeshamezwa zamani. Jibu ni rahisi: flajili ikishaingia kwenye damu hutoka pia kwenye mate, na yenyewe ni chungu. Kila unapomeza mate unaionja upya. Ukiisikia ladha hiyo, ujue dawa imefyonzwa na imesambaa mwilini. Siku chache baada ya kumaliza, itaondoka yenyewe. Mkojo kuwa wa rangi ya kahawia nao usikutishe, ni mabaki ya dawa.

Kinachosaidia ni kitu kichachu. Mung'unya ubuyu au ukwaju kati ya mlo na mlo, au sukutua kwa maji ya chumvi kabla ya kula. Ila juisi ya ubuyu iliyochanganywa na maji yasiyochemshwa iache, kwa sababu mayai ya giardia huhimili klorini ya kiwango cha maji ya bomba, na unaweza kujiambukiza upya ukiwa bado unatibiwa.

Kichefuchefu kina sababu mbili: dawa yenyewe, na namna inavyomezwa. Wengi humeza asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa funda moja la maji, kisha wanalala tena. Kula kwanza, hata kama ni uji au ugali mdogo kwa mlenda, meza kidonge katikati ya chakula kwa kikombe kizima cha maji, kisha ukae wima nusu saa. Usikitafune wala kukisaga. Ukitapika ndani ya nusu saa na kidonge ukakiona, meza kingine. Muda ukiwa umepita zaidi ya hapo, subiri dozi inayofuata.

Yapo mambo ambayo hayavumiliki. Ganzi au kuchomachoma kwenye vidole vya mikono na miguu, kuyumba unapotembea, degedege, kuchanganyikiwa, au upele wa mwili mzima: acha dawa na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Dhana: kuharisha kumekoma, basi nimepona

Kuharisha huweza kukoma siku ya pili au ya tatu, wadudu wakiwa wamepungua tu. Maliza siku zako. Na kabla hujaondoka dirishani, soma miligramu zilizoandikwa kwenye vidonge, kwa kuwa vipo vya 200 na vya 400. Dozi ya miligramu 400 ni vidonge 2 vya 200 au kimoja cha 400. Kwa giardia ya mfano wetu hiyo ni jumla ya vidonge 30 vidogo au 15 vikubwa. Mgonjwa wa amiba anayeharisha damu mara nyingi huandikiwa miligramu 800 mara 3 kwa siku 5, yaani 60 vya 200, na ndiyo maana si yeye peke yake anayeshangaa anapoona mfuko mkubwa. Akipunguza kwa kuwa "ni vingi", ametibu nusu.

Kwa amiba kuna jambo jingine. Flajili hufyonzwa karibu yote sehemu ya juu ya utumbo, kwa hiyo huwafikia vizuri amiba walioingia kwenye kuta za utumbo au ini, lakini mayai yaliyo ndani ya utumbo mpana hubaki. Hayo huondolewa na dawa ya pili kama diloksanaidi, miligramu 500 mara 3 kwa siku 10. Ukiwa umetibiwa amiba na hukupewa dawa ya pili, uliza.

Dhana: maziwa yanaua nguvu ya flajili

Hapana. Hiyo ni habari ya tetrasaiklini, dawa nyingine ya kuua bakteria.

Lakini maziwa yana kisa chake kwa giardia. Mdudu huyu huharibu ngozi laini ya utumbo mwembamba, mahali inapotengenezwa kemikali ya kuvunja sukari ya maziwa. Giardia akishakufa, utumbo unahitaji wiki kadhaa kujirekebisha. Katika muda huo mtu akinywa kikombe cha maziwa tumbo linajaa gesi na anaharisha, naye anadhani tiba imeshindwa na anakuja kununua flajili nyingine. Aache maziwa mabichi na ya chai kwa wiki 2 kwanza, mtindi ajaribu kidogo kidogo. Tumbo likitulia, tatizo lilikuwa maziwa. Lisipotulia, apime choo tena, kwa sampuli za siku 3 tofauti, kabla ya kumeza kidonge kingine chochote.