Bei ya USDT kwa M-Pesa: ziada ipi ni ya dola, na ipi ni ya foleni?

Mteja wangu mmoja wa Nairobi, anayeagiza vipuri vya pikipiki kutoka Guangzhou, hunipigia kila anapoona USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwenye soko la P2P ambako watu huuziana wenyewe kwa wenyewe, imepita kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya shilingi mbili. "Kaka, dola imeanza kukimbia tena?" Mara nyingi jibu ni hapana. Anachokiona kwenye simu ni vitu vitatu vilivyojumlishwa kuwa namba moja: thamani ya dola yenyewe, faida ya muuzaji, na tabu ya kuhamisha shilingi kwa simu siku hiyo. Kazi yangu ni kuvitenganisha kabla hajaamua kulipa leo au kungoja.

Hesabu ya ziada ni nyepesi: unagawa bei ya P2P kwa kiwango rasmi, unatoa moja, unazidisha kwa mia. Ugumu uko kwenye kuchagua namba mbili za kuingiza humo.

Tuanze na bei ya P2P. Ukifungua orodha ya matangazo ya kuuza USDT kwa shilingi za Kenya, tangazo la juu ndilo la bei nafuu, na watu wengi hulinukuu hilo hilo. Mara nyingi halina maana kwako. Utakuta muuzaji hapokei chini ya shilingi 300,000, au amebakiwa na USDT 40 tu, au anataka malipo ya benki wakati pesa yako iko kwenye simu. Kwa hiyo mimi kwanza huingiza kiasi halisi ninachotaka kutuma na njia ya malipo, kisha naondoa wenye kiwango duni cha kukamilisha miamala. Kati ya matangazo matano ya kwanza yanayobaki huchukua bei ya katikati, yaani ya tatu. Tangazo moja la kijanja haliwezi kuivuruga.

Anayetaka kurekodi kwa kompyuta badala ya kukodolea macho simu, ukurasa wa P2P wa Binance wenyewe huvuta orodha yake kwa ombi kama hili:

```
POST https://p2p.binance.com/bapi/c2c/v2/friendly/c2c/adv/search
{"asset":"USDT","fiat":"KES","tradeType":"BUY",
 "transAmount":"100000","payTypes":[],"page":1,"rows":20}
```

Kwenye majibu, `price` ni bei na `surplusAmount` ni USDT zilizobaki. Jina kamili la njia ya malipo usilibahatishe. Lisome kwenye `tradeMethods` ya matangazo yenyewe, kisha liweke ndani ya `payTypes`. Ombi hili halikutengenezwa kwa ajili ya watu wa nje, hivyo linaweza kubadilika bila taarifa. Usiligonge kila sekunde. Mara moja kwa kila robo saa inatosha.

Kisha rudia kwa `SELL`. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana hupima upande mmoja tu.

Nikupe mfano wenye namba za kubuni, ila unaofanana na siku ya kawaida. Kiwango cha Benki Kuu ni 129.20. Bei ya katikati ya kununua USDT kwa M-Pesa, kwa shilingi 100,000, ni 131.90. Bei ya katikati ya kuuza ni 128.30. Ukiangalia upande wa kununua peke yake, ziada ni asilimia 2.09, na hapo ndipo simu inapoanza kuita. Lakini tazama upande wa pili: anayeuza USDT leo anapata chini ya kiwango rasmi kwa asilimia 0.70. Kama dola ingekuwa adimu kweli, nani angekubali kuitoa kwa bei hiyo?

Chukua katikati ya hizo mbili: 130.10. Hiyo imezidi kiwango rasmi kwa asilimia 0.70 tu. Basi katika ile asilimia 2.09, karibu asilimia 1.39 ni nusu ya pengo kati ya kununua na kuuza, ambalo ni ujira wa muuzaji na gharama za biashara yake. Iliyobaki, asilimia 0.70, ndiyo unayoweza kusema inahusu dola.

Kwa hiyo kwenye daftari langu kuna safu mbili, si moja: ziada ya katikati, na upana wa pengo. Bei ya kununua na ya kuuza zikipanda kwa pamoja huku Benki Kuu ikibaki pale pale, watu wanatafuta dola. Ikipanda ya kununua peke yake huku ya kuuza imetulia, tatizo liko kwenye njia ya pesa.

Na njia ya pesa ina mipaka inayojulikana. M-Pesa ya Kenya hairuhusu muamala mmoja uzidi shilingi 250,000, wala salio lizidi 500,000. Muuzaji mwenye bei nzuri hupokea wateja tangu asubuhi. Ikifika jioni simu yake imejaa, na asipohamisha pesa benki tangazo lake linalala. Wanaobaki kwenye orodha ni wale wa bei kubwa. Anayechungulia saa mbili usiku anaona bei imeruka kwa shilingi nzima na kudhani shilingi inaporomoka. Kesho yake asubuhi bei imerudi. Nikiona mruko wa jioni, kitu cha kwanza ninachohesabu ni matangazo yaliyobaki kwa kiasi changu. Yakiwa matatu au manne, sichukui namba hiyo kama bei.

Sasa kiwango rasmi. Namba ya Benki Kuu ni wastani wa soko la mabenki, na hakuna kaunta itakayokuuzia dola kwa wastani huo. Mteja wangu akienda benki atauziwa, tuseme, kwa 131.20. Ukilinganisha 131.90 na hiyo, ziada yake halisi ni asilimia 0.53, kabla hujaongeza ada ya benki ya kutuma pesa nje. Ndiyo maana huweka pia bei ya kuuzia ya benki anayoitumia mteja. Mwanzoni mwa 2023 funzo hili lilikuwa kali zaidi: mwishoni mwa Januari kiwango kilichotangazwa kilikuwa karibu 124, huku waagizaji wakilalamika kwamba mabenki yanawauzia kwa shilingi kadhaa zaidi, yakiwa nazo za kuuza. Aliyepima P2P kwa kiwango kilichotangazwa alidhani sarafu za kidijitali zimepandishwa bei. Alikuwa anapima umbali wa kiwango chenyewe na soko.

Kuna nchi ambako umbali huo ndio habari yote. Burundi mwanzoni mwa 2025, kiwango rasmi kilikuwa chini ya faranga 3,000 kwa dola huku mtaani ikipita 7,000. Ukigawa unapata ziada ya zaidi ya asilimia 130, namba isiyomsaidia mtu wa Bujumbura anayepokea pesa kwa simu kupitia Lumicash, kwa sababu dola ya bei rasmi haipati. Yeye alinganishe P2P na bei ya mtaani. Na ziada ya kule inaweza kupungua bila mtu kupata nafuu. Mei 2023 benki kuu yao ilishusha thamani ya faranga, kutoka kwenye 2,080 hivi hadi 2,800 hivi. Chukua bei ya mtaani ya mfano, 3,500, isiyotikisika: ziada inatoka asilimia 68 na kuwa 25, na aliye sokoni analipa vile vile.

Kenya ilinionyesha upande mwingine Februari 2024. Dola ilikuwa imepita shilingi 160 mwezi Januari. Serikali ilipopata mkopo mpya wa Yurobondi na kununua sehemu ya ule wa zamani, shilingi ikapanda kwa kasi, na kufikia Machi dola ilikuwa kwenye 130 na kitu. Katika mporomoko wa namna hiyo muuzaji wa P2P aliyenunua shehena yake kwa bei ya juu hataki kuuza kwa hasara, basi tangazo lake linachelewa kushuka. Ziada inafura, wakati dola inazidi kupatikana. Ukiona ziada kubwa, angalia kwanza ni kipi kilichosogea, P2P au kiwango rasmi.

Turudi kwenye shilingi 100,000 za vipuri. Kwa 131.90 anapata USDT 758.15. Kutuma M-Pesa kwa muuzaji ni shilingi 108. Kuzitoa USDT kwenye jukwaa kwenda kwa msambazaji kupitia mtandao wa Tron, tuseme ni USDT 1. Zinafika 757.15, na amelipa 100,108: kila dola imemgharimu 132.22, asilimia 2.3 juu ya kiwango rasmi. Akitaka kutuma 5,000 tu, hata bei isipobadilika, ada ya M-Pesa ni 57, zinanunuliwa USDT 37.91, zinafika 36.91, na dola imekuwa 137.01, ziada ya asilimia 6. Hakuna kilichobadilika sokoni. Na muuzaji akikwambia "weka na ya kutolea", ujue kwa 100,000 hiyo ni shilingi 309 nyingine, ambazo hazimo kwenye bei iliyotangazwa.

Sehemu ya pengo ni bima. Muuzaji anaogopa mnunuzi atakayelipa kisha aombe muamala urudishwe, au alipe kwa simu ya mtu mwingine ambayo baadaye inadaiwa ni ya wizi. Ndiyo maana wengi hukataa malipo yenye jina lisilolingana na akaunti ya P2P. Tanzania kuna uzito zaidi, kwa kuwa Benki Kuu ilitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini. Sishangai muuzaji kule akitaka zaidi.

Wikendi naandika namba lakini siziamulii kitu. Kiwango cha Benki Kuu cha Jumamosi na Jumapili ni cha Ijumaa, huku P2P ikiendelea kutembea. Vile vile USDT si dola yenyewe: Machi 2023 USDC, sarafu nyingine ya kidijitali inayofuata dola, iliwahi kushuka chini ya senti 90 kwa muda, na watu wakakimbilia USDT. Kabla ya kulaumu shilingi, angalia USDT inauzwa dola ngapi kwenye soko la kimataifa saa hiyo.

Kwa mteja wa vipuri kanuni tuliyokubaliana ni hii: ziada ya katikati ikikaa juu ya asilimia 1.5 kwa siku tatu za kazi mfululizo, asubuhi, matangazo yakiwa kumi au zaidi kwa kiasi chake, analipa sehemu ya oda mapema. Pengo likipanuka peke yake, anangoja asubuhi au anapitisha benki.