Taa ya cheki injini ikiwaka, usikimbilie kununua sensa

"Gari la kabureta la mzee halikuwahi kuwasha taa ya injini, hili langu la injekta limewasha, ndo injini inakufa?"

Mara nyingi wala. Mimi niliamini kosa lingine, kwamba kodi, yaani namba ya hitilafu, ikisomwa kwenye mashine basi inataja kifaa kilichokufa. Yangu ilisoma P0171, yaani petroli ni kidogo mno kwa hewa iliyopo. Fundi akasema kaka hiyo oksijeni sensa imekufa, nikanunua mpya, taa ikafutwa, siku ya tatu ikarudi. Ile ya zamani niliyoitupa ilikuwa inasema kweli tupu.

Kabureta ni kama muuza chai anayeweka sukari kwa mazoea. Hewa inapita kwenye koo jembamba, presha inashuka, petroli inanyonywa kupitia tundu la jeti, na haionji kitu. Kwenye injekta, sensa inapima hewa inayoingia, kontrol boksi inaamua nozeli ifunguke milisekunde ngapi, halafu inaonja: oksijeni sensa, iliyo kwenye bomba la moshi, ndo ulimi wake. Inalenga kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli.

Sasa mpira wa hewa ukipasuka kati ya ile sensa inayopima hewa na injini, hewa inaingia bila kuhesabiwa, ni kama mtu anamwongezea muuza chai maji kwenye sufuria akigeuka tu. Anaonja, haijakolea, anaongeza sukari, anaonja, anaongeza tena, mpaka anafika mwisho wa kiasi alichoruhusiwa na hapo ndo anawasha taa. Ulimi wake mzima kabisa, na wewe umeenda kumnunulia ulimi mpya!

Ukitaka kujua ni ufa, angalia LTFT kwenye mashine, ndo asilimia ya petroli inayoongezwa. Langu likiunguruma tu bila kukanyaga lilisoma +24, nikashikilia mizunguko 2500 ikashuka taratibu hadi +6. Injini ikivuta hewa kidogo, ya wizi inakuwa sehemu kubwa, ikivuta nyingi haionekani sana. Ingekuwa pampu au filta ya petroli mara nyingi ni kinyume, namba inapanda injini ikidai zaidi. Ila magari yanayokadiria hewa kwa presha ya manifoldi hayafuati hesabu hii vizuri. Ufa wangu ulikuwa chini ya mpira, kwenye mkunjo, huuoni mpaka uukunje.

Taa ikiwa inapepesa ni habari nyingine, kawaida plagi au koili inakosa kutoa moto na petroli isiyoungua inaenda kuchoma katalisti, hapo punguza mwendo usimame.

Na gari la mzee huenda lilikuwa na ufa kama huu huu, sema lilikuwa linatetemeka tu na yeye anarekebisha skrubu ya kabureta kila mwezi.