Bob Dylan, balada ya zamani na ubishi wa kama maneno ya roki ni ushairi

Bob Dylan, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo wa Marekani, alipotunukiwa Nobel ya fasihi mwaka 2016, ubishi wa miaka mingi ulirudi upya: maneno ya nyimbo za roki ni ushairi au siyo? Mengi yanayosemwa pande zote mbili hayana msingi. Nitachukua wimbo wake mmoja, "A Hard Rain's A-Gonna Fall", yaani mvua kali itanyesha, kwa sababu wenyewe unajibu mengi.

Dhana: Dylan aliutunga kwa hofu ya makombora ya Kuba.

Hili limerudiwa mno, na Dylan mwenyewe alilichochea. Lakini aliuimba jukwaani New York mnamo Septemba 1962, na Rais Kennedy aliwatangazia Wamarekani habari za makombora yale ya nyuklia ya Wasovieti huko Kuba tarehe 22 Oktoba. Wimbo ulitangulia kwa mwezi mzima. Chanzo chake kinachoonekana wazi ni cha kale zaidi: "Lord Randal", balada ya mapokeo ya mpaka wa Uskoti na Uingereza. Humo mama anamuuliza mwanawe alikuwa wapi, kijana anajibu, mama anauliza tena alikula nini, na swali kwa swali tunagundua kwamba kijana amelishwa sumu na mpenzi wake.

Dylan alichukua kiunzi hicho hichohicho. Kila ubeti unafunguliwa na mzazi anayemuuliza mwanawe: ulikuwa wapi, uliona nini, ulisikia nini, ulikutana na nani, sasa utafanya nini. Tofauti ni kwamba wa zamani anajibu kwa mshororo mmoja au miwili, na huyu wa Dylan anamwaga orodha ya picha. Sumu nayo haiko tena ndani ya chakula cha mtu mmoja. Imeingia kwenye maji.

Dhana: Roki ikitaka kuwa ya kifasihi, hunukuu shairi la kitabuni.

Wapo wanaofanya hivyo. Bendi ya Iron Maiden mwaka 1984 ililifupisha shairi refu la mshairi Mwingereza Coleridge la baharia mzee likawa wimbo wa zaidi ya dakika 13, wakaacha beti mbili zake zisomwe kama zilivyo. Ila Coleridge mwenyewe, mwaka 1798, alikuwa ameazima umbo la balada, yaani umbo la wimbo. Kwa hiyo Maiden walirudisha deni tu. Kwangu mimi, kuazima umbo kama alivyofanya Dylan ni athari ya ndani zaidi kuliko kunukuu maneno.

Dhana: Kama ni ushairi, utasimama wenyewe ukiandikwa bila muziki.

Hapa ndipo penye utamu. Hesabu mishororo ya majibu katika beti tano za wimbo huu: 5, 7, 7, 6, kisha 12. Msomaji aliyelelewa na tarbia atasema mtunzi ameteleza, na akitafuta vina katika orodha hizo atakuta vichache vya kubahatisha. Usikilize sasa. Kila mshororo wa orodha unarudia kipande kilekile cha sauti, kwa hiyo mwimbaji anaweza kuongeza mishororo apendavyo, na masikio hayahesabu, yanangoja kibwagizo. Ubeti wa mwisho unapofika mishororo 12, kungoja huko kunakuwa kuzito, na hapo ndipo kijana anaahidi kurudi huko alikotoka kabla mvua haijaanza. Karatasini huo ni urefu tu. Kinachoshikilia orodha ni takriri: "nimeona", "nimeona", "nimeona".

Kwetu, ambako utenzi hughaniwa na shairi huimbwa, kumvua mtunzi sauti halafu kumhukumu kungeonekana kioja.

Dhana: Nobel ilitangaza kwamba maneno ya nyimbo ni sawa na mashairi ya kitabuni.

Tamko la tuzo lilisema amebuni njia mpya za usemi wa kishairi ndani ya mapokeo makuu ya nyimbo za Kimarekani. Ndani ya nyimbo, si nje yake. Dylan katika mhadhara wake wa 2017 aliwataja Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, na Melville, mwandishi wa riwaya wa Marekani, kati ya waliomjenga, kisha akasema wazi kwamba nyimbo si kama fasihi: zimekusudiwa kuimbwa, si kusomwa. Wala hakuwa mtunzi wa nyimbo wa kwanza kupewa tuzo hiyo. Mshairi Tagore wa Bengali, aliyeipata 1913, aliacha nyimbo zaidi ya 2,000.

Dylan hakwenda Stockholm kwenye sherehe ya tuzo Desemba 2016. Patti Smith, mwanaroki na mshairi, aliuimba wimbo huu badala yake, na katika ubeti wa pili akakwama, akaomba radhi, akaomba kuanza tena. Baadaye alieleza kwamba hakuwa amesahau maneno, woga ndio uliombana. Namwamini. Lakini ubeti aliokwamia ni ule wa picha saba za "nimeona", zisizo na kisa kinachozipanga wala kina cha kumvuta mwimbaji kutoka mshororo mmoja hadi mwingine.